Ujazo bila kuongeza unywele: kisa cha Mwalimu na utosi wake

Mwalimu aliingia saluni kwangu Temeke Jumanne asubuhi, wiki tatu kabla ya sendofu ya bintiye, akiwa na wigi jipya ndani ya boksi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaweka boksi kwenye kiti cha pili na kuniambia kazi yangu ni ndogo: nimsuke mistari ya kulaza nywele, nilibandike wigi kwa gundi, basi. Alikuwa na miaka 52, na nywele zake alizifunga nyuma kwa mpira, njia katikati, mtindo ambao anasema ameuvaa tangu chuo cha ualimu.

Nikamwomba nifungue mpira kwanza.

Panja zote mbili zilikuwa zimerudi nyuma. Ya kushoto ilirudi zaidi, upana wa vidole viwili hivi, na mbele kabisa, pale nywele zilipoanzia zamani, kulikuwa na mstari mwembamba wa vinyweleo vifupi vilivyobaki peke yao kama uzio wa shamba lililovunwa. Alama hiyo sisi wasusi tunaijua. Vinyweleo vile ni vifupi mno kushikwa na mkono unaosuka au mpira unaofunga, kwa hiyo vinasalimika wakati wenzao wa nyuma yake wanang'olewa mwaka baada ya mwaka. Ukiuona mstari huo, mara nyingi chanzo ni kuvutwa: mpira, yeboyebo za kubana, rasta nzito, na lesi za wigi zinazobandikwa palepale kila wiki mbili.

Utosini palikuwa na jambo jingine. Kulikuwa na duara la ukubwa wa kitako cha kikombe cha chai ambalo nywele zake zilikuwa chache na fupi, na katikati yake ngozi iling'aa. Niliinama na taa ya simu. Pembeni mwa duara niliweza kuona vitundu vidogo ambamo kila unywele unatokea. Katikati sikuviona, ngozi ilikuwa laini kama ya kiganja. Nikamuuliza kama panawasha. Akasema panawasha, na jioni nyingine panachoma kama pamepakwa pilipili, lakini alidhani ni dawa ya kulainisha aliyopaka miezi minne nyuma.

Nikapiga picha kwa juu, nikampa simu. Aliitazama muda mrefu bila kusema kitu. Mwanamke anajua paji lake na panja zake kwa sababu kioo kiko mbele yake kila siku, ila utosi wake anauona nani? Watoto wake, wanafunzi wake, na watu wanaokaa nyuma yake kanisani. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, huyu ni mimi?" Halafu akaniambia mama yake naye aliisha nywele mahali hapohapo, na kwao walikuwa wakisema ni mambo ya ukoo.

Nimeandika haya yote kabla ya kufika kwenye mtindo kwa sababu mtindo wenyewe ulitokana nayo. Panja na utosi vilikuwa na matatizo mawili tofauti, na mimi msusi siwezi kutibu hata moja. Ninachoweza ni kutofautisha ngozi yenye vitundu na ngozi iliyofungwa, na kumwambia mtu kwamba duara linalong'aa, linalowasha na kutanuka kutoka utosini kwenda nje ni la daktari wa ngozi, tena mapema, kwa maana pakishageuka kovu nywele hazioti tena. Nilimwambia hivyo siku ile ile. Na kuhusu ukoo hakukosea sana: mwaka 2019 watafiti walichapisha kwamba baadhi ya wanawake wenye upotevu wa nywele wa aina hii walikutwa na mabadiliko kwenye jeni linaloitwa PADI3, linalohusika na kuunda unywele. Si laana, ni urithi, na kuvuta na kuunguza kunaweza kuuzidishia.

Sasa wigi. Nililikataa, nikamweleza kwa nini. Ili likae, lazima nisuke mistari chini yake, na mistari ya kulaza kwa kawaida inaelekea utosini au nyuma, yaani inavuta panja kuelekea palepale zinapokimbilia. Gundi ingekaa juu ya ule mstari wa vinyweleo, na siku ya kubandua ndiyo ingekuwa mwisho wake. Kusuka rasta za kuongeza kungekuwa kibaya zaidi, maana kila kishungi cha nywele zake tano au kumi kingebebeshwa uzito wa nywele za dukani. Hata kroshe, ambayo wateja wengi wanaiona nyepesi, inaning'inia kwenye mistari hiyohiyo.

Mwalimu akauliza swali ambalo wote huuliza: "Sasa bila kuongeza, zitajaa vipi?"

Zinajaa kwa kupunguzwa. Najua linasikika kinyume. Lakini tazama unywele mmoja mrefu uliolainishwa kwa dawa: uzito wake wote unaning'inia kwenye shina, shina linalala juu ya ngozi, na nywele zikilala zinagawanyika na kuacha njia wazi. Unywele huohuo ukiukata mfupi na kuukunja, unasimama, unachukua nafasi pande zote, na duara moja la unywele linafunika ngozi ambayo nyuzi tatu zilizonyooka zisingeifunika. Anayeamua kama utosi unaonekana si idadi ya nywele peke yake. Shina lake linaelekea wapi, na je, unywele umenyooka au umejikunja? Hapo ndipo msusi ana la kufanya.

Kwa miezi minne bila ritachi alikuwa na kipilipili chake cha asili karibu sentimita nne kwenye shina, na kuanzia hapo kwenda nje nywele zilizolainishwa zilizofika mabegani. Pale zinapokutana aina hizo mbili ndipo nywele hukatika. Nilipendekeza tukate. Mbele na juu tubakize kama sentimita nane ukizinyoosha, pembeni na kisogoni tano. Aliniambia mume wake atashangaa. Nikamwambia achukue siku mbili afikirie, akasema, "Kata, nisije nikarudi na maneno ya watu."

Umbo nililokata ni la mviringo ulioinuka juu. Pembeni na nyuma fupi, juu ndefu. Sababu yake iko machoni: pembeni pakiwa pafupi, hata ujazo wa kiasi juu unaonekana mkubwa. Ukiacha pembeni pajae sawa na juu, kichwa kinakuwa kipana na utosi unaonekana umezama. Ila kuna mpaka. Juu ya masikio, karibu na panja, sikushusha kabisa, kwani zile nywele nilizihitaji kuzisogeza mbele zifunike panja ya kulia.

Kisha nikaseti, na mara ya kwanza nilikosea.

Niliziosha, nikaweka povu la kuseti, nikapanga rodi kwa mistari iliyonyooka kutoka mbele kwenda nyuma, rodi moja nyuma ya nyingine, kama nilivyozoea kwa wateja wenye nywele nyingi. Zilipokauka na kufunguliwa, mbele palipendeza. Kwa juu ulikuwa ukiona matuta ya viazi: kila mstari wa ngozi kati ya rodi na rodi ulibaki wazi, na mistari yote ilikwenda kukutana kwenye lile duara. Kwa mwenye nywele nyingi mistari hiyo inajifunika yenyewe ukizichanua kwa vidole. Kwake hakukuwa na za kuifunikia. Kosa la pili lilikuwa mafuta: nilipaka siagi ya shea kama ninavyofanya kwa kipilipili kikavu, na kufika saa tisa alasiri nywele zilishalala kwa uzito. Nilimwomba radhi, nikamwambia arudi wiki ijayo bila malipo.

Aliporudi nilibadilisha vitu vitatu.

Kwanza mpangilio. Badala ya mistari, nilipanga rodi kama fundi anavyopanga matofali: rodi ya safu ya nyuma inakaa usawa wa kiungo kilichoachwa na rodi mbili za safu ya mbele. Hivyo hakuna njia inayoendelea kutoka safu hadi safu, na ngozi inayoonekana inakatizwa kila baada ya sentimita mbili. Njia yake ya katikati ya tangu chuoni niliifuta kabisa. Ilipita katikati ya utosi, yaani alikuwa akiifungua sehemu yake dhaifu kila asubuhi kwa kitana, kisha anashangaa inaonekana.

Pili ni pembe ya kukunja, na hapa naomba msusi mwenzangu anayesoma atulie, kwa sababu ndipo ujazo unapozaliwa. Ukikichana kishungi kuelekea chini halafu ukakikunja, rodi inakaa chini ya shina lake, na nywele zikifunguliwa zinaanza kwa kulala. Ukikiinua kishungi wima, kisha ukakipitisha kidogo upande wa pili kabla ya kukunja kurudi, rodi inakuja kukaa juu ya shina lenyewe. Ikifunguliwa, shina tayari limejifunza kusimama. Kwa nywele zilizo mbele ya duara, nilizivuta kuelekea usoni kisha nikakunja kwenda nyuma, ili zikifunguliwa zisimame na kumiminikia utosini. Za kushoto na kulia kwa duara nilizikunja kuelekea ndani. Za nyuma ya duara, ambazo kwa kawaida zinaanguka kisogoni, niliziinua na kuzikunja kwenda juu. Pande zote nne zikawa zinaegemea mahali pamoja, kama watu wanavyomzunguka mgonjwa.

Ndani ya duara lenyewe kulikuwa na vinyweleo vichache. Hivyo sikuviwekea rodi. Nilivisokota kwa vidole tu, povu kidogo, nikaviacha. Kuna wasusi ambao hukazana hapohapo penye uhaba kwa kudhani ndipo panapohitaji kazi, wanakunja kwa nguvu unywele mmoja mmoja, na nywele zikiwa zimelowa hunyooka kama mpira na kukatika bila kelele. Kazi ya kufunika inafanywa na majirani. Rodi zenyewe nilitumia nene za ukubwa wa kidole cha shahada mbele na pembeni, na nyembamba kama kalamu ya wino kwa safu moja inayozunguka duara, kwa kuwa mkunjo mdogo unajaa na kushikamana zaidi. Kila ncha ililazwa kwenye karatasi yake, na mpira wa rodi niliufunga upande wa juu usibonye shina.

Tatu, niliacha siagi. Povu tu wakati wa kukunja, na wakati wa kufungua tone moja la mafuta mepesi, nililisugua kwenye viganja mpaka likabaki kama kumbukumbu.

Alikaa chini ya draya dakika 50, joto la kati, kwa kuwa utosi wake ulikuwa ukichoma na sikutaka kuuongezea. Kabla ya kufungua zote, nilifungua rodi moja ya nyuma ya duara. Unajua nywele hazijakauka kwa namna mbili: zikigusa mdomo wako wa juu zinahisi baridi, na ukiziachia zinarefuka taratibu badala ya kurudi juu kama springi. Zake zilikuwa baridi. Nikamrudisha dakika 15, nikamwacha apoe dakika 10 nyingine rodi zikiwa kichwani. Msusi mwenye foleni ndefu huiruka hatua ya kupoa, na mkunjo unaofunguliwa ukiwa wa moto unaanguka kabla mteja hajafika kituo cha daladala.

Kufungua kuna adabu yake. Kila mkunjo niliupasua mara moja tu, panapotaka kupasuka penyewe, kuanzia nchani na kuishia katikati. Kwenye safu inayozunguka duara sikupasua kabisa. Mwisho nilichukua chanuo, nikaingiza meno yake kwenye shina peke yake, nikainua kidogo na kulitoa kwa njia lilikoingilia, bila kulivuta hadi nchani. Ukilivuta, unavunja mikunjo yote uliyoijenga, na unabaki na manyoya.

Nywele za mbele zilianguka kwa mshazari kuelekea kushoto, zikaifunika ile panja mbaya zaidi. Kulia nilisogeza mbele mikunjo miwili ya juu ya sikio. Mstari wa vinyweleo vya mbele sikuugusa kwa jeli wala mswaki. Najua mtindo wa sasa ni kuchora vinyweleo vya pembeni vilale kwa mapambo, lakini kuvilaza kwa jeli ngumu kila siku ni kuvivuta tena, na kwa mwenye panja zilizorudi kunachora mpaka unaosema hapa ndipo nywele zinapoishia.

Nikapiga picha kwa juu, mahali palepale karibu na dirisha. Duara lilikuwa limebaki kama sarafu, na ili ulione ilibidi ujue unachotafuta. Mwalimu akaziweka picha mbili pamoja, akasema, "Hizi ni zangu mwenyewe?" Akajishika kwa kiganja, taratibu, kama anayepima joto la uji.

Hata hivyo nilimwambia tusifurahie dirisha. Kumbi zina taa juu ya kichwa, na wapiga picha wana mwanga mkali, na mwanga wa juu ndio unaofichua utosi. Tuliwasha taa ya dari, nikapiga picha kwa mwanga wa simu, na ile sarafu ikang'aa. Dawa yake ni kupunguza tofauti ya rangi kati ya ngozi na nywele. Nilitumia wanja wa machoni wa unga, wa kahawia iliyoiva, usiong'aa, nikaupapasa kwa brashi fupi kwenye ngozi kati ya mikunjo. Usitumie mweusi tititi. Nywele nyingi za wanawake wa umri wake si nyeusi kiasi hicho, na kiraka cheusi kinaonekana kama masizi. Wala usipake pale palipong'aa kabisa bila unywele, unga unateleza na jasho linaushusha shingoni. Kwa joto la Dar ni wa saa chache tu, na usiku lazima uoshwe.

Alikuwa ameulizia pia piko, apake utosini kama mashoga zake wa pwani wanavyopaka mikononi. Nilimkataza kabisa. Piko nyingi zinazouzwa zina kemikali ya rangi ambayo inaweza kuamsha mzio mkali hata kwenye ngozi nzima, sembuse ngozi inayochoma.

Kati ya hapo na sherehe alikwenda kliniki ya ngozi. Daktari alikata kipande kidogo cha ngozi kando ya duara kikapimwe, akampa dawa ya kupaka ya kutuliza uvimbe wa ndani, na akamwambia asirudie dawa ya kulainisha. Kuhusu panja alimwambia kwamba sehemu yenye vitundu ina nafasi ya kurudi ikiachwa ipumzike, ila kwa miezi, kwa sababu nywele zinakua kama sentimita moja kwa mwezi. Kuhusu katikati ya utosi alimwambia ukweli: lengo ni lisitanuke.

Ijumaa jioni nilimseti nyumbani kwake, akalala na rodi za mbele tu, nyingine nilizifungua na kumvalisha kofia ya satini iliyolegea. Kofia yenye mpira mkali inabana panjani usiku kucha, na watu wanaivaa wakidhani wanajitunza. Jumamosi saa nane mchana nilifungua, nikainua shina, nikapapasa unga. Saa nne usiku binti mmoja wa familia alinitumia picha ya Mwalimu akicheza na keki mkononi, imepigwa kutoka jukwaani, yaani kutoka juu. Nilikuza mpaka picha ikavunjika vipande. Kushoto mshazari ulikuwa umelegea kidogo kwa jasho na kona ya panja ilionekana. Utosi ulikuwa umejaa.

Siku ya tatu mtindo ulibadilika tabia, kama nilivyomwambia. Unyevu wa hewa uliziingia nywele. Shina la kipilipili likajikunja na kujaa zaidi, lakini ncha zilizobaki na dawa zikanyooka na kuning'inia. Tangu hapo tunakata ncha hizo kidogo kila wiki sita. Siku hizi hahitaji draya. Usiku analowesha kwa chupa ya kupulizia, anaweka rodi nane tu za juu kwa mpangilio uleule, na binti yake mdogo ndiye anayezipanga za nyuma ya duara ambazo mkono wake mwenyewe haufiki.

Bibi harusi naye alikuja mwezi uliofuata, mwenyewe, kusukwa. Akakaa kwenye kiti kilekile na kusema anataka rasta ndogondogo, zibane, zikae miezi mitatu. Nilichukua simu, nikawasha taa, nikaanza na utosi.